Sufuria yenye alama ya jogoo

Bibi yetu wa Iringa hataki sufuria yoyote tu. Anataka ya enameli, nyeupe, yenye ukingo wa buluu na alama ya jogoo kwenye kitako. Jina la kiwanda hajui. Ile ya kwanza iliharibika alipoimwagia maji baridi ikiwa tupu na ya moto: chuma na enameli havisinyai sawasawa, ikapasuka na kubanduka.

Soko Kuu la Iringa tulikuta alumini tupu, tukapanda basi hadi Mwanjelwa, Mbeya. Muuzaji mmoja, baada ya kumwamkia Bibi shikamoo, alitoa sumaku ya spika ya redio. Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bati la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, hivyo sumaku hunasa. Kwenye alumini, hata ikipakwa rangi nyeupe, huanguka. Ilianguka mara mbili, ya tatu ikanasa.

Bibi akapitisha kidole ndani akitafuta palipobanduka, maana hapo ndipo kutu huanzia. Ilikuwa nzima. Akaigeuza: alama ya samaki. Akairudisha taratibu.

"Ni nzuri, wajukuu zangu, ila si yenyewe."

Tukamuuliza jogoo ana nini. Akasema marehemu babu, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyeinunua, akamwagiza: "Siku ikiharibika, usiulize jina. Tafuta jogoo."

Wiki ijayo tunaanza upya, Makambako.