Nilivyofurahia Kudaiwa Kidogo

Kosa langu halikuwa kukopa. Giaboksi ya Landkruza yetu ilikufa njiani tukitoka geti la Momella, msimu wa wageni ulikuwa umekaribia, na mwenye spea alitaka pesa yake palepale. Nikachanja kadi ya mkopo. Nikaongeza na matairi, deni likafika shilingi milioni 3. Hadi hapo najisamehe. Kosa ni kwamba kila mwezi nililipa kile tu nilichoombwa, tena siku ileile, nikajiona mteja mwema.

Kadi ambazo wengi wetu tunatembea nazo hapa Arusha ni za kutolea pesa zetu wenyewe, kwa hiyo stetimenti ya kadi ya mkopo ilikuwa ngeni kwangu. Niliangalia mistari miwili tu: deni lote, na kiwango cha chini cha kulipa. Masharti yalisema kiwango hicho ni asilimia 5 ya deni, lakini kisipungue shilingi 20,000. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi. Nilisaini bila kuziweka namba hizo mbili pamoja.

Ziweke pamoja uone. Mwezi wa kwanza nililipa 150,000, deni likabaki 2,850,000. Kabla ya stetimenti iliyofuata riba ikaongeza 85,500, na deni likasomeka 2,935,500. Yaani nilitoa laki moja na nusu, deni likashuka kwa 64,500 tu. Na mwezi wa pili niliombwa 146,775.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Kile kiwango kilivyokuwa kinashuka, mimi nilidhani ni dalili ya mambo kwenda vizuri, na ile tofauti nikaiingiza kwenye mafuta ya gari. Watu husema dawa ya deni ni kulipa, lakini mimi dozi yangu ilikuwa inapunguzwa kila mwezi na mgonjwa bado yuko kitandani. Asilimia ya deni hupungua pamoja na deni lenyewe. Ukifuata stetimenti, kila mwezi unalipa polepole zaidi kuliko mwezi uliopita.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, mhasibu, siku aliyokuja kunisaidia mahesabu ya kodi. Aliichukua stetimenti, akafungua kompyuta, akapanga safu ya miezi.

"Shemeji," akasema, "hii karatasi inakwambia usilipe chini ya hapa. Wewe umeisoma kama imekukataza kulipa juu yake."

Safu yake ilionyesha kwamba kwa mwendo wangu deni lingechukua karibu miezi 32 kufika nusu, kisha miezi mingine 32 nusu hiyo kufika robo. Kwa asilimia peke yake lisingeisha kamwe, lingezidi kuwa dogo tu. Kinacholimaliza ni ile 20,000 isiyopungua, nayo huanza kufanya kazi deni likishashuka chini ya laki 4. Hapo ingekuwa imepita miaka 7 na miezi 9. Jumla yote, bila kununua kitu kingine hata kimoja kwa kadi ile: malipo 123, zaidi ya miaka 10, na shilingi milioni 6.6 na ushee kwa giaboksi na matairi ambayo muda huo yangeshakuwa chuma chakavu.

Kisha akabadilisha kitu kimoja tu. Akaandika 150,000 kwenye kila mwezi, kiasi kilekile nilichokimudu mwezi wa kwanza. Deni likaisha kwa malipo 30, jumla milioni 4.4 hivi. Nilimwomba arudie, nikidhani amekosea safu.

Marekani, sheria ya kadi ya 2009 inazilazimisha benki kuandika kwenye stetimenti yenyewe kwamba ukilipa kiwango cha chini tu utachukua muda gani, na ulipe kiasi gani kwa mwezi ili umalize ndani ya miaka 3. Yangu haikuwa na mstari kama huo, ingawa sina hakika kwamba ningeusoma.

Nilikwenda tawini nikabadilisha agizo la kudumu: badala ya kiwango cha chini, wakate 150,000 kila mwezi. Kadi nikaiacha nyumbani, maana ukiwa na deni la nyuma, hata mafuta unayojaza leo yanaweza kuanza kuhesabiwa riba leo. Aprili, mvua zikichachamaa na wageni wakikauka, nilirudi kwenye kiwango cha chini, na sioni aibu kwa hilo, kwa sababu kinafaa kwa mwezi mbaya: hupigwi faini ya kuchelewa. Juni, magari yalipoanza tena kupanda Ngorongoro, nikarudisha 150,000 na kuongeza laki moja ya juu.

Mke wangu alikuwa akijua habari za giaboksi. Habari za asilimia 3 alizijua siku ile shemeji alipogeuza kompyuta upande wake.