Nywele za kipilipili: rangi ya shaba inatosha

Huku kwetu Bukavu wasichana wengi wanataka nywele zao nyeusi ziwe za njano kwa siku moja. Mimi nilimwambia mdogo wangu tuishie kwenye rangi ya shaba. Unga wa kuondoa rangi unaingia ndani ya unywele, na kadiri unavyozidi kuung'arisha ndivyo unavyouvunja hadi mkunjo unalegea.

Hakuosha kichwa kwa siku 3, ili mafuta yake yaikinge ngozi. Tulijaribu kwanza fungu moja dogo la nyuma. Unga tuliuchanganya na krimu ya oksijeni ya asilimia 6, ile ambayo kwenye chupa wanaandika 20. Ya 40 ni kali mno. Tulipaka kuanzia sentimita 2 kutoka kichwani, kwa sababu joto la kichwa linaharakisha dawa, na ngozi inaweza kuungua. Kila dakika 5 tulifuta kidogo tukatazama.

Tulipoosha, nilivuta unywele mmoja ungali na maji. Ulirefuka, kisha ukajikunja tena. Kama ungerefuka mfano wa chingamu bila kurudi, tungeacha palepale.

Sasa nywele zake zinakunywa maji upesi na kukauka upesi. Kila juma anapaka kondishena, kisha mafuta zikiwa bado na maji, na pasi ya moto haigusi kabisa.