Barua Moja kwa Milango Miwili

Mwaka juzi niliomba nafasi mbili katika wiki moja: kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huko Masaka, na masomo ya uzamili katika isimu ya Kiswahili. Barua ya kuombea kazi niliiandika kwanza. Ilipofika zamu ya maelezo ya nia ya kusoma, nilibadilisha anwani tu, nikaweka "chuo" mahali pa "shule". Shule iliniajiri. Chuo kilinikataa.

Nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani nakala zote mbili. Alipiga mstari chini ya sentensi hii: "Nina uzoefu wa miaka 3 na ninaweza kuanza mara moja." Akaniambia, "Mkuu wa shule ana vipindi visivyo na mwalimu, hii inamtosha. Idara haina vipindi vya kukupa. Inataka kujua unatafuta nini, na umejiandaa vipi kukitafuta."

Jibu lilikuwa katika madaftari niliyokuwa nikisahihisha. Wanafunzi wangu, wengi wao Waganda, waliandika "habali" badala ya "habari", na "mbere" badala ya "mbele". Katika Luganda, l na r hazitofautishi maana ya maneno: baada ya e na i huandikwa r, kwingineko l. Makosa yao yalifuata kanuni hiyo hiyo.

Katika barua ya kazi, jambo hili lingekuwa sentensi moja: "Ninawasaidia wanafunzi kurekebisha tahajia." Mwajiri anataka tatizo lililokwisha kutatuliwa. Katika maelezo mapya ya nia lilikuwa aya ya kwanza, tena likiwa bado wazi: je, wanafunzi hawa huandika wanavyotamka, au wamehamisha kanuni ya maandishi ya Luganda? Nilieleza kwamba ningeanza kwa kuwalinganisha waliojifunza kuandika Luganda na wale wanaoizungumza tu.

Aya ya pili ndiyo iliyoniumiza kuiandika. Nilikiri kwamba sikujua kurekodi na kuchanganua matamshi, kisha nikataja kozi ya fonolojia ya idara hiyo ambayo ingenifundisha. Katika barua ya kazi nisingethubutu. Upungufu huo ungempa mwajiri sababu ya kumchukua mwingine. Hapa ndio uliokuwa sababu ya kwenda kusoma. Hata hivyo, kukiri peke yake hakutoshi. Ilinibidi nionyeshe msingi nilionao: alama zangu za isimu, na orodha ya makosa niliyokusanya kwa mihula miwili.

Ile miaka 3 ya kufundisha haikupotea. Ilibaki, lakini sasa ilieleza nilikolipata swali.

Safari hii nilipokelewa. Siku ya kwanza mhadhiri hakuniuliza nimefundisha wapi. Aliuliza, "Wewe ndiwe wa 'habali'?"