Sancho Panza na Gunia Lake

Kazi yangu ya kutafsiri ilianza na makaratasi: vyeti vya ndoa, mikataba ya meli, maelekezo ya dawa za mifugo. Kihispania nilikipata Havana, nilikopelekwa kusoma nikiwa kijana, na niliporudi Tanga nikawa mmoja wa watu wachache waliofuatwa kila ilipotokea barua ya lugha hiyo. Katika barua zile methali hazikuwamo. Nilikutana nazo nilipokubali kukitia Kiswahili kitabu cha Don Quixote, kazi iliyokula sehemu kubwa ya utu uzima wangu na ambayo sijutii hata ukurasa wake mmoja.

Cervantes alichapisha Sehemu ya Kwanza mwaka 1605 na ya Pili mwaka 1615. Mhusika aliyenishughulisha kuliko bwana mwenyewe ni mtumishi wake, Sancho Panza, mkulima asiyejua kusoma, ambaye elimu yake yote imo katika methali. Huzitoa kwa mkururo, nyingine hazihusiani hata kidogo na jambo linalozungumzwa, mpaka katika sura ya 43 ya Sehemu ya Pili bwana wake anamkemea kwa hasira. Nyingi hazina mwenzi katika Kiswahili. Nyingine zinaonekana kuwa naye, na hizo ndizo zilizonipa taabu zaidi.

Kabla sijatafsiri ukurasa wa kwanza nilikisoma kitabu chote nikiwa na daftari pembeni. Kila methali niliiandikia mstari wake: nani anaisema, anamwambia nani, picha yake ni ipi, maana yake ni ipi. Mwishoni niliongeza maswali mawili, nayo ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu. La kwanza: je, baada ya methali kusemwa, kuna mtu anayeishika ile picha na kuiendeleza? La pili: je, methali hiyo inarudi tena mbele, na ikirudi, iko kinywani mwa nani? Anayetafsiri hadithi ya kurasa tatu anaweza kuishi bila maswali hayo. Katika kitabu chenye sura zaidi ya mia, methali iliyowekwa leo itadaiwa miezi mingi baadaye.

Chukua methali ya Kihispania inayosema kwamba tamaa hupasua gunia. Mswahili akiulizwa mwenzi wake atajibu papo hapo: tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa maana, jibu hilo halina kasoro kubwa. Lakini tazama Sancho anavyoitumia katika sura ya 20 ya Sehemu ya Kwanza. Ni usiku wa giza, porini, kuna mngurumo wa kutisha usiojulikana unatoka wapi, na bwana wake anataka kumwacha peke yake akaukabili. Sancho analia. Anasema aliacha nyumba, mke na watoto akitumaini kupata zaidi, siyo kupungukiwa. Lakini kwa kuwa tamaa hupasua gunia, basi matumaini yake nayo yamechanika, hasa ya kile kisiwa alichoahidiwa kutawala. Picha moja inabeba methali na kilio chake. Ukiweka mauti mahali pa gunia, hakuna kitu cha kuchanika. Tena mauti ni mazito mno kwa mtu anayelilia cheo.

Kisha methali hiyo inarudi. Katika sura ya 36 ya Sehemu ya Pili, Sancho ameandika barua kwa mkewe (imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, bila shaka) akitamba kwamba anakwenda kutawala kisiwa ili achume fedha. Mke wa mtawala mwenyeji wao anaisoma na kumwonya kwa methali ileile. Msomaji anayekumbuka kilio cha porini anasikia mengi katika onyo hilo: mkulima anatajiwa gunia lake mwenyewe na mwanamke wa ikulu. Kumbukumbu hiyo haipatikani maneno yakibadilika njiani.

Kwa hiyo ilinibidi nitengeneze methali. Kutengeneza si kutafsiri neno kwa neno, kwa maana sentensi iliyotafsiriwa hivyo husikika kama taarifa, na mtu hatikisi kichwa kwa taarifa. Methali zetu zina umbo lake. Kitenzi hupenda kiambishi cha hu-, kisichojua jana wala kesho: haba na haba hujaza kibaba. Jina la mtenda huishia na -a na kukumbatia kitu chake bila kiunganishi: mchimba kisima, mtaka cha mvunguni. Ukisema “mchimbaji wa kisima” umekwisha kuiua, sasa unazungumza habari za fundi. Kisha kuna mkato wa katikati, pale msemaji anapovuta pumzi. Niliandika namna kadhaa za methali ya gunia nikizipima kwa masikio: mwenye tamaa hupasua gunia lake, mroho hutoboa mfuko, tamaa hupasua gunia.

Nilikuwa na desturi ya kuzipeleka barazani jioni, kwa wazee wa kahawa ambao Don Quixote hawamjui. Nilizichomeka ndani ya mazungumzo bila kutangaza. Niliposema mroho hutoboa mfuko, mzee mmoja alinikatiza.

“Mwanangu, mfuko ukitoboka si nafuu ya mchukuzi?”

Wote wakacheka, nami nikaelewa. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: tunayo tayari methali inayosema kitu kinachovuja humpunguzia mtu mzigo. Kutoboka na kuvuja kulikuwa kumeiita methali hiyo, na maana ikageuka kichwa chini. Tangu hapo kila methali niliyotengeneza niliikagua kwa upande huo pia: je, iko jirani na methali yetu inayosema kinyume chake? Gunia linalopasuka halivuji kidogo kidogo. Linamwaga kila kitu njiani kwa mara moja. Nikabaki na tamaa hupasua gunia, na nilipoisema jioni nyingine mzee yuleyule aliipitisha bila kuuliza, akaendelea na habari zake. Hiyo ndiyo dalili niliyoitaka.

Methali ya pili iliyonifundisha kazi inahusu malisho. Kwa Kihispania ina vina: mtu hutambulikana si kwa aliozaliwa nao, bali kwa wale anaolisha nao, kama wanyama shambani. Katika sura ya 10 ya Sehemu ya Pili Sancho yuko peke yake, anajisemesha. Bwana wake ni mwendawazimu, anasema, na yeye anayemfuata hana nafuu, kama methali hiyo ni ya kweli. Hapo Kiswahili kinaniletea mwenzi tayari: mcheza na tope humrukia. Wazimu ni tope, limemrukia. Nilikuwa karibu kuiweka, lakini daftari likanionyesha mstari wa mbele zaidi, sura ya 68.

Huko Sancho anatoa maneno mazuri kuhusu usingizi, maneno ambayo hata mtu aliyesoma angeyaonea fahari. Don Quixote anashangaa. Anasema hajapata kumsikia akinena kwa ufasaha namna hiyo, na kwamba sasa anaona ukweli wa methali ambayo Sancho mwenyewe hupenda kuisema, kisha anaitaja ileile ya malisho. Sasa ni sifa: mtumishi amekaa na bwana hata hekima imemwingia. Tope lingekuwa tusi. Tena Sancho anajibu kwa furaha kwamba leo si yeye anayemwaga methali, zinamdondoka bwana wake mbili mbili. Mzaha huo unategemea msomaji aitambue methali hiyo kuwa ni ya Sancho, kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo nilihitaji msemo usioegemea upande wowote, unaoweza kuwa lawama mwanzoni na sifa mwishoni. Nikaandika: si uliyezaliwa naye, ni uliyelishwa naye. Wanyama wamefifia kidogo, nasikitika, ingawa lishwa bado linamkumbuka mfugo. Mwangwi wa nusu mbili umebaki. Barazani nilisema nusu ya kwanza nikanyamaza, kama tunavyofanya na haraka haraka, nione kama yupo atakayeipokea. Mmoja alijibu “ni uliyekua naye”. Hakulipata neno langu, lakini umbo alilipata, nami nikaridhika.

Isidhaniwe kwamba nilizikwepa methali zetu. Katika sura ya 62 Don Quixote yuko Barcelona ndani ya kiwanda cha kuchapa vitabu, anaona kinapigwa chapa kitabu kinachojidai kuwa sehemu ya pili ya habari zake. Ni kitabu ambacho mtu aliyejiita Avellaneda alikitoa kweli, mwaka 1614, akimtangulia Cervantes. Don Quixote anasema kila nguruwe hufikiwa na Mtakatifu Martin wake, yaani sikukuu ya tarehe 11 Novemba, majira ya kuchinja nguruwe. Picha haiendelezwi, nguruwe hana kazi nyingine mahali pale. Na anayezungumziwa ni mwizi wa hadithi ya mtu. Niliandika siku za mwizi ni arobaini, na sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Mhariri wangu alitaka hivyo kila mahali. “Mwalimu,” aliniambia, “Sancho aseme Kiswahili.” Nilimwambia Sancho asemaye Kiswahili hawezi kutaja kifuu cha nazi wala jahazi, kwa sababu kwao La Mancha ni nyanda kavu, bahari iko mbali. Lakini alikuwa na hoja yenye uzito. Katika ile mikururo, kama sura ya 43, msomaji lazima ahisi gharika la methali, na gharika halihisiki kama kila tone ni geni. Hapo tulikubaliana kuchanganya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha ngeni niliyoitengeneza, kisha mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ngeni ikikaa katikati ya wenyeji wawili hupokewa bila kuulizwa cheti. Tanbihi tulizikataa sote wawili: mzaha unaosubiri chini ya ukurasa hufika umeshapoa.

Kulikuwa na methali niliyoiacha. Wahispania husema: Mungu ajaalie iwe oregano, isigeuke kuwa kisibiti, yaani jambo lisije likawa baya kuliko linavyoonekana. Katika sura ya 21 ya Sehemu ya Kwanza, muda mfupi baada ya ule mngurumo wa usiku kugunduliwa kuwa ni nyundo za maji za kupondea nguo, Don Quixote anaona kwa mbali kitu king'aacho na kukiita kofia ya chuma ya mfalme. Sancho anaomba Mungu iwe oregano, zisiwe nyundo tena. Ameikata methali katikati na kubandika nyundo mahali pa kisibiti, na anayecheka anacheka kwa sababu nusu iliyokatwa anaijua. Nilijaribu kuipanda methali nzima katika sura za nyuma ili ikikatwa hapa itambulike, lakini ilinilazimu kumpa Sancho maneno ambayo Cervantes hakumpa, na mpaka huo sikuuvuka. Katika muswada anasema tu: Mungu ajaalie iwe kofia kweli, bwana, zisije zikawa nyundo tena.