Leseni ya Kuwaongoza Watalii: Ujuzi wa Zamani Katika Mtihani wa Leo

Miongoni mwa askari wanaokaribia kustaafu, wako wengi wanaoitazama kazi ya kuwaongoza watalii kama kazi iliyoumbwa kwa ajili yao. Wanalijua pori, wamezoea jua na mvua, na nidhamu hawahitaji kufundishwa. Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi. Nchini Uganda, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, mwongozaji wa watalii hutakiwa kuwa na leseni, na Bodi ya Utalii humpima mwombaji kabla ya kumpa. Hupimwa kwa maandishi, kwa mdomo na kwa vitendo, naye hutazamiwa awe na cheti cha huduma ya kwanza. Mambo yanayowashinda wageni wa kazi hii ni matatu: huduma ya kwanza, lugha, na maarifa ya mahali.

Habari ya sajenti mmoja mstaafu itasaidia kuyaeleza. Sajenti huyu alitumikia miaka mingi kaskazini-magharibi mwa nchi, na eneo la hifadhi ya Maporomoko ya Murchison alilijua kwa miguu yake mwenyewe. Alipoamua kuomba leseni, alimwambia mkewe kwamba mtihani wenyewe utakuwa kama kukaguliwa gwaride tu. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha kujengea nyumba, na karo ya watoto wawili wa mwisho ilitegemea kazi hiyo mpya. Kwa hiyo kushindwa hakungekuwa aibu yake peke yake.

Alianza na mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa kuwa aliamini hapo hana shaka. Mkufunzi, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi, alimpa swali moja: mgeni ameumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu, na gari liko mwendo wa nusu saa. Utafanya nini?

Sajenti alijibu bila kusita. Atafunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha, atalichanja kwa wembe, kisha ataifyonza sumu na kuitema.

"Afande," mkufunzi alisema kwa upole, "mgeni wako sasa ana majeraha mawili badala ya moja, na huenda mguu wake ukakatwa."

Sajenti hakupendezwa, maana ndivyo alivyofundishwa ujanani. Lakini mkufunzi alimweleza sababu, na ni vizuri kila nyumba ikazijua. Sumu ya kifutu, ambaye ni nyoka mnene wa kulala njiani, huiozesha nyama pale inapokaa. Ukifunga kamba, unaifungia sumu hiyo mahali pamoja na wakati huo huo unauzuilia mguu damu, na viungo vingi vimepotea kwa kamba ya namna hiyo. Ukichanja, unafungua jeraha katika mwili ambao huenda damu yake haigandi tena kwa sababu ya sumu. Na kufyonza hakutoi kiasi cha sumu chenye maana yoyote.

Yapasayo ni machache. Kwanza, kila mtu asogee mbali na nyoka, wala asifuatwe ili auawe, kwani nyoka anayefukuzwa huongeza mgonjwa wa pili. Mgonjwa alazwe na atulizwe, maana hofu na mwendo huifanya damu izunguke kwa kasi. Pete, saa, bangili na viatu vya upande ulioumwa vivuliwe upesi kabla uvimbe haujavibana. Mguu uwekewe banzi, kama ule uliovunjika, ili usichezecheze. Saa ya kuumwa iandikwe, na ukingo wa uvimbe uchorwe kwa kalamu kila baada ya dakika 15, ili daktari aone unavyopanda. Pombe, dawa za miti na aspirini visitumiwe.

Kisha huja sehemu iliyo ngumu, yaani kutambua hatari iko wapi. Palipo na uvimbe mkubwa na maumivu makali, ni nyama na damu vinavyoshambuliwa, na kwa kawaida zipo saa kadhaa za kumfikisha mgonjwa hospitalini. Lakini koboko na baadhi ya jamii za fira hushambulia mishipa ya fahamu. Jeraha laweza kuwa dogo na uvimbe usionekane, huku kope za macho zikianza kushuka, maneno yakilegea na mate yakishindwa kumezwa. Mgonjwa huyo yuko katika hatari ya kukatika pumzi. Akitapika alazwe ubavu, na pumzi ikisimama apuliziwe mdomoni bila kukoma mpaka afike kwa wataalamu. Dawa ya kuua sumu hutolewa na hospitali peke yake, kwa sababu yenyewe yaweza kumletea mtu mzio wa kutisha.

Mkufunzi aliporudi kwenye swali lake, aliuliza jinsi mgonjwa atakavyofika garini kwa nusu saa hiyo. Wanafunzi vijana walisema ataegemezwa na kutembezwa polepole. Sajenti alinyamaza kidogo, akakata miti miwili, akapitisha ndani yake makoti mawili yaliyofungwa vifungo, na machela ikawa tayari. Ujuzi wake wa zamani haukuwa wote wa kutupwa. Ilimpasa kuuchambua, akaacha kamba na wembe, akabaki na machela.

Jaribio la lugha lilimgusa zaidi. Kiingereza alikijua, lakini kilikuwa Kiingereza cha amri. Msimamizi alimweka mbele ya watu watano wakiigiza watalii, mmoja wao akiwa Mjerumani asiyeielewa vyema lugha hiyo, na kumtaka awape maelezo ya usalama kabla ya matembezi. Sajenti alisema mambo sita kwa pumzi moja, akamalizia kwa kuuliza kama wameelewa. Wote waliitikia kwamba wameelewa. Msimamizi akamgeukia yule Mjerumani na kumuuliza afanye nini tembo akitokea. Hakujua. Watu wazima huona haya kusema hawakusikia, hasa mbele ya mtu mwenye sauti ya kijeshi.

Hapo hakufaulu, akaambiwa arudi. Nyumbani, binti yake ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alimfanyisha mazoezi kila jioni. "Baba, jambo moja kwa sentensi moja," alikuwa akimwambia, "halafu oneshe kwa mkono, halafu nikuulize." Mama watoto na majirani waligeuzwa watalii. Sajenti alijifunza kusema, "Mkiona tembo, simameni," akasimama mwenyewe, kisha akamtaka mmoja wao ayarudie maneno hayo. Kurudia huko ndiko kunakomwonyesha mwongozaji kama maneno yamefika, kuliko kuitikiwa na watu mia.

Jambo la pili katika lugha lilikuwa majina. Kwa Sajenti, mnyama yeyote mwembamba mwenye pembe alikuwa swala. Lakini katika mbuga za Murchison wapo kuro, kongoni, taya, na yule swala wa Uganda aliye katika nembo ya taifa upande wa pili wa korongo taji. Mgeni aliyesafiri kutoka ng'ambo ana kitabu cha picha magotini mwake, naye ataulizia kila mmoja kwa jina. Sajenti aliwajua wote kwa lugha ya kwao na kwa tabia zao. Ilimbidi aongeze jina la Kiingereza kwa kila mmoja, na aliyaandika kwenye daftari la shule la mwanawe, ukurasa mmoja kwa mnyama mmoja.

Maarifa ya mahali yalikuwa ya mwisho. Msimamizi alianza na maporomoko yenyewe. Sajenti alieleza vizuri kwamba hapo mto Naili hubanwa katika mwanya wa mawe wenye upana wa mita 7 hivi, ukaanguka takriban mita 43. Alipoulizwa kuhusu jina, alisema kwamba Samuel Baker, msafiri Mwingereza, ndiye aliyeyapa maporomoko hayo jina la Murchison mwaka 1864, kwa heshima ya mkuu wa chama cha wanajiografia cha London. Akaongeza kwamba katika miaka ya 1970 yaliitwa Maporomoko ya Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli, akafariki mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Mgeni akisikia jina moja tu, amesikia nusu ya habari.

Kisha akaulizwa ni mwandishi gani mashuhuri aliyepata ajali ya ndege karibu na hapo. Sajenti hakujua. Wako waliomtangulia waliobuni jina na kisa kizima. Yeye alisema, "Hilo silijui, Bibi, lakini nitaliuliza nimjibu mgeni kesho." Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akamwambia kwamba ni Mmarekani Ernest Hemingway, Januari mwaka 1954, na kwamba ndege ya pili iliyotumwa kumchukua ilishika moto huko Butiaba. Mwongozaji aliyebuni habari moja hawezi kuaminiwa katika nyingine, hata atakaposema njia hii ni salama.

Swali la kufungia lilirudi kwa yule mgonjwa wa nyoka. Yuko ng'ambo ya kaskazini ya mto, na hospitali uliyochagua iko kusini. Utavukaje? Sajenti alianza kuhesabu saa za kivuko cha Paraa, kama alivyozoea enzi zake. Alipofika katikati alijizuia, akakumbuka kwamba sasa lipo daraja, na kivuko si cha kungojwa tena. Alijibu upya: atavuka moja kwa moja, lakini kabla ya kuondoka atapiga simu kuuliza kama hospitali hiyo ina dawa ya nyoka siku hiyo. Isipokuwa nayo, ataelekea nyingine, maana gari likishafika mlango wa hospitali isiyo na dawa, saa zilizopotea hazirudi.

Katika swali hilo moja mitihani yote mitatu ilikutana: kumtunza mgonjwa, kusema kwa ufasaha kwenye simu, na kuijua barabara ya leo badala ya ile ya miaka iliyopita. Sajenti alifaulu safari ya pili. Cheti chake cha huduma ya kwanza kimeandikwa tarehe ya mwisho, na mkewe ameibandika tarehe hiyo ukutani jikoni, kando ya kalenda ya karo, ili arudi darasani kabla haijafika.