Maji, Mvuke na Barafu: Taabu ya Kuyapatia Majina

Tumo katika kazi ya kufasiri kwa Kiswahili daftari za masomo ya vijana wanaojifunza ufundi wa mabomba, wa mitambo ya mvuke na wa friji. Daftari hizo zimeandikwa kwa Kifaransa. Hesabu zake hazitusumbui sana, kwani namba husomwa vilevile huku na kule. Kinachotunyima usingizi ni majina. Neno moja likichaguliwa vibaya, kijana atafanya hesabu sawasawa, na bado atadhani jambo ambalo si kweli.

Tuanze na maji yapitayo katika bomba. Wataalamu wanatambua namna mbili za mtiririko. Katika namna ya kwanza maji husonga kama karatasi nyingi zilizolaliana, kila moja ikiteleza juu ya jirani yake bila kuchanganyika. Jina lake la Kifaransa limetoka katika neno la Kilatini, lamina, maana yake bamba jembamba. Katika namna ya pili maji hujizungusha, hupanda na kushuka, na kila tone huhama-hama huku likiendelea mbele na wenzake. Mwingereza Osborne Reynolds alizionyesha namna hizo kwa macho, huko Manchester, mwaka 1883. Alipitisha maji katika bomba la kioo, na katikati akaingiza uzi mwembamba wa rangi. Alipofungulia maji kidogo, uzi ulikwenda umenyooka tangu mwanzo hata mwisho. Alipoongeza kasi, ikafika mahali uzi ukatikisika, kisha ukapasuka, na rangi ikaenea katika bomba lote.

Neno lililotujia kwanza mdomoni lilikuwa «mtiririko mtulivu». Ni neno zuri, lina sauti ya zaburi. Tulilikataa, na sababu ya kulikataa inapita mbele yetu kila siku: ni mto. Utazame Lualaba pale unapopanuka, hauna mawimbi, mpigakasia anaimba, majani yanaelea polepole. Kila mtu atasema kwamba mto huo umetulia. Basi tufanye hesabu. Reynolds alitufundisha kuzidisha kasi ya maji kwa upana au kina cha njia yake na kwa uzito wa meta moja ya ujazo, kisha kugawanya kwa mnato, yaani ile tabia ya kimiminika kukataa kuteleza. Katika bomba, jibu likiwa chini ya 2000 hivi, mabamba yanakaa. Likipita 4000, kwa kawaida yamekwisha vunjika. Maji ya kina cha meta 5, yaendayo nusu meta kwa sekunde, yanatoa jibu la 2,500,000. Ijapokuwa kwa mto kipimo si kilekile cha bomba, jibu hilo liko mbali kupita kila mpaka. Mto ule uliotulia umejaa vurugu ndani. Anayetaka ushahidi, autazame udongo: kama maji yangekwenda kwa mabamba, tope lingezama chini na mto ungekuwa safi. Ni mizunguko ya ndani inayoliinua tope bila kuchoka. Na juu ya maji utaona duara laini zinazofumuka kama uji unaotaka kuchemka. Hizo ndizo alama zake.

Kuna sababu ya pili. Daftari zinataja pia mtiririko usiobadilika saa kwa saa, ambao kasi yake mahali pamoja ni ileile asubuhi na jioni. Huo ndio ungestahili kuitwa mtulivu, nao ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo tumeandika «mtiririko wa mabamba» kwa ule wa kwanza, «mtiririko wa mizunguko» kwa ule wa pili, na «mtiririko wa kudumu» kwa huu wa tatu.

Mzee mmoja, fundi wa mabomba tangu ujana wake, alitupinga. Alisema, «Wanangu, mbona msiseme polepole na mbio, watoto waelewe?» Tulimjibu kwa heshima, kwa mfano wa jikoni. Twaa bomba la kipenyo cha sentimeta 2, na upitishe ndani yake maji kwa kasi ya nusu meta kwa sekunde. Hesabu ya Reynolds inatoa 10,000: ni mizunguko. Sasa katika bomba lilelile, kwa kasi ileile, pitisha mawese yaliyopashwa hadi digri 40. Mnato wake ni kama mara 40 ya ule wa maji, na jibu linashuka karibu na 220: ni mabamba matupu. Kasi ni moja, mitiririko ni miwili. Mzee akacheka, akasema kwamba mawese ni mazito, ndiyo sababu. Hapo akatufunulia mtego mwingine! Mawese si mazito, kwani yanaelea juu ya maji. Lakini Kiswahili chetu cha kila siku huita kizito kila kitu kisichotaka kumiminika. Tangu siku ile tunaandika «mnato» kila mahali, na neno «uzito» tumeliachia mizani.

Tukivuka kwenda katika masomo ya joto, mambo yanazidi kuwa magumu, kwani neno lenyewe «joto» linafanya kazi mbili. Twasema mtoto ana joto, yaani amepanda digri; tena twasema makaa yanatoa joto, yaani kitu fulani kinachotoka huku na kuingia kule. Fundi hana ruhusa ya kuchanganya hayo. Kile kinachosomwa katika kipimajoto tumekiita «halijoto», neno ambalo vitabu vya Tanzania vinalitumia, na «joto» tumeliweka kwa kile kinachohama.

Basi likaja neno «entalpi». Vitabu vya zamani vya mafundi wa mvuke viliita kitu hicho joto lote, na wengi wetu walitaka tuwafuate. Tazameni kwanza maana yake. Weka kilo moja ya maji katika sufuria huko Muanda, kando ya bahari. (Twasema Muanda kwa makusudi, kwani Lubumbashi iko juu mno, na maji yake huchemka kabla ya kufika digri 100.) Maji yakiwa yamefika 100, ukitaka yote yawe mvuke utayapa kilojuli 2257. Je, hizo zote zimebaki ndani ya mvuke? Hapana. Lita moja ya maji imekuwa mvuke wa lita 1670 hivi, na mvuke huo umelazimika kuisukuma hewa ili upate mahali pa kukaa. Kazi ya kusukuma imekula kilojuli 169. Zilizoingia katika mvuke wenyewe ni 2088 tu. Entalpi ni jumla ya vyote viwili: nishati iliyomo ndani, pamoja na gharama ya nafasi kinayoikalia. Daftari zinaandika H = U + pV. Kwa vijana tumeeleza hivi: mwenye kujenga hulipia matofali, tena hulipia kiwanja, entalpi ni hesabu ya malipo yote mawili.

Kwa nini basi tusiseme «joto lote»? Kwa sababu ya friji. Ndani ya friji kuna kibomba chembamba sana, ambamo kimiminika hupita kwa shida kutoka shinikizo kubwa hadi dogo. Kinaingia kikiwa na digri 40 hivi, kinatoka kikiwa chini ya barafu. Katika njia hiyo fupi karibu hakuna joto lililotoka wala kuingia, na entalpi ya mwanzo na ya mwisho ni ileile. Sasa fikirini kijana anayesoma: «joto lote halikubadilika, na kitu kimekuwa baridi.» Atafunga daftari, na hatutamlaumu. Kumbe nishati ya ndani imetumika kukifanya sehemu ya kimiminika kuwa mvuke na kuutafutia mvuke huo nafasi, lakini jumla imebaki. Kwa hiyo tumeliacha neno «entalpi» kama lilivyo, geni lakini lisilodanganya.

«Entropi» limetuletea mabishano makali kuliko yote. Mjerumani Rudolf Clausius aliliunda mwaka 1865, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka, akalifananisha kwa makusudi na neno la nishati. Hata tahajia ilitugombanisha. Wanaosikia Kifaransa walitaka «antropi», lakini hapo mtu angedhani tunasema habari za binadamu, kama katika antropolojia. Wengine walitaka tufasiri kwa neno «fujo». Katika nchi hii neno hilo tunalijua mno, na kila mtu ana picha yake. Lakini hatukulikataa kwa ajili ya uchungu wake. Tulilikataa kwa sababu fujo haipimwi, na entropi inapimwa.

Tazameni kilo moja ya barafu inayoyeyuka chumbani, halijoto ya chumba ikiwa digri 27. Barafu inapokea kilojuli 334. Kanuni inasema: gawanya joto lililohama kwa halijoto ya mahali, lakini halijoto ihesabiwe kuanzia baridi ya mwisho kabisa, yaani 273 chini ya sifuri yetu. (Anayesahau jambo hili hujikuta anagawanya kwa sifuri, kwani barafu iko digri 0, ndivyo mwalimu anavyomgundua mara moja.) Barafu inapata 334 gawanya kwa 273, yaani 1.22. Chumba kinapoteza 334 gawanya kwa 300, yaani 1.11. Joto lililotoka ndilo lililoingia, halikupungua hata kidogo. Lakini entropi ya vyote viwili pamoja imeongezeka kwa 0.11. Maji hayatarudisha joto hilo chumbani na kuwa barafu tena yenyewe, maana hapo jumla ingepungua, na hakuna aliyeona jambo hilo likitokea.

Kwa upande wa fujo, aliyetusaidia ni mama mmoja mwenye duka la mawese. Alitikisa chupa yenye maji na mawese, akaiweka mezani. Baada ya kitambo mawese yalikuwa juu na maji chini, kila kimoja katika mpango wake. «Fujo imepungua, sivyo?» akauliza. Kwa macho, ndiyo. Lakini entropi imeongezeka: mawese yaliposhuka na kupanda kutafuta mahali pake yaliacha joto dogo katika chupa na hewa, na katika kukutana tena matone yenyewe, maji yaliyoyazunguka yalipata uhuru. Hakuna kijana ambaye angeona hayo kwa kulitazama neno «fujo». Tumeandika «entropi», na chini yake ule mgawanyo wa joto kwa halijoto.

Neno moja bado halijapata kiti. Daftari zinasema juu ya badiliko ambalo lingeweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, bila kuacha alama popote duniani. Wengine wetu wanasema «lenye kurudika», wengine «lenye kurejea», na mmoja, aliyekuwa mwalimu wa katekisimu, anasema kwamba badiliko kama hilo halipo kamwe katika mashine yoyote, hivyo jina lolote litafaa. Juma lijalo tutakutana tena kulijadili, nasi tumemwomba yule mzee wa mabomba aje.