Alichokipenda Msomaji wa Kitereza

Katika nyumba yetu hapa Muleba tuna kabati moja la vitabu, nalo limekuwa la majirani kuliko letu. Wanaoazima husema maneno yale yale wanaporudisha: "Nipatieni kingine kama hiki." Ombi hilo ni jepesi kwa masikio na gumu kwa mikono, maana neno "kama" halisemi kama kwa kipi.

Mwaka uliopita dada mmoja wa Kamachumu, aliyeolewa miaka saba na hajajaaliwa mtoto, aliazima kitabu kinene cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, upande wa pili wa ziwa letu. Alikimaliza kitabu hicho mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kihaya, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hakikuchapishwa mpaka mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Hadithi yake ni ya mume na mke wa zama za kale wasiopata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, naye mume anakwenda kumwomba arudi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Pombe na waganga wamo tele, kwa kuwa ndiyo maisha aliyoyaandika mtunzi. Mwenye kukiingiza nyumbani na ajue hivyo mapema.

Dada huyo alikisoma mara mbili. Kabla hajatufikia kutaka kingine, shemeji yake aliyekuwa akisoma chuoni alimpa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Hesabu ya kijana ilikuwa na maana: mtunzi ni wa Ukerewe vilevile, ziwa ni lile lile, na aliyeumia katika hadithi ni mwanamke. Lakini Rosa ni binti wa baba mlevi na mkali, maisha yake yanaporomoka hatua kwa hatua, na mwisho anajiua. Ni riwaya kubwa, wala hatumzuii mtu mzima kuisoma. Dada yetu aliifunga katikati. Alitwambia, "Kile kilinipumzisha, hiki kinanikimbiza."

Sentensi hiyo ilitufaa kuliko maelezo marefu. Mahali, kabila la mtunzi na mada ni mambo yanayoandikwa nyuma ya jalada. Hayo ndiyo watu hulinganisha, kwa sababu yanaonekana. Kinachomfanya mtu apende kitabu mara nyingi ni mwendo wake, namna mtunzi anavyowatazama watu wake, na hali ya moyo anayoachiwa msomaji anapokifunga. Hayo hayapatikani kwa kuuliza "Kilihusu nini?"

Kwa hiyo tulimuuliza mambo matatu. Ni kurasa zipi ulizorudia? Ni wapi ulipoacha kitabu siku nyingi bila kukishika? Na tukiondoa kitu fulani, je, ungeendelea kukipenda?

Kurasa alizorudia zilikuwa za safari ya Myombekere kwenda ukweni: anavyokaribishwa, maneno yanavyozungushwa kwa adabu, aibu aliyokuwa nayo, na taabu ya kuitafuta ile pombe ya faini. Jibu la pili ndilo lililotushangaza. Kila mtu pale kijijini, na mama mkwe wake akiwa wa kwanza, aliamini kwamba anapenda kitabu kile kwa sababu ya mtoto anayezaliwa. Kwamba anajisomea tumaini lake mwenyewe. Kumbe alipofika alipozaliwa Ntulanalwo alikiweka kitabu juu ya kabati miezi miwili, na sehemu ya watoto aliisoma kwa haraka, kama mtu anayemaliza chakula kwa heshima ya mwenyeji. Tulipomwambia, "Tuseme Bugonoka asingezaa kabisa, ungekipenda?" alinyamaza kidogo, akajibu, "Ningekipenda zaidi. Yeye alimfuata mkewe kabla ya kujua kama atazaa."

Hapo jambo lilikuwa wazi. Laiti tungemrundikia vitabu vya wanawake waliotafuta mtoto wakapata, tungekuwa tunamuongezea masimango aliyokwisha kuyasikia kwa majirani. Alichokipenda ni mume asiyemwacha mkewe maneno ya ndugu yanapozidi, tena kikisimuliwa polepole, na jembe na chungu vikiwa na nafasi yao katika habari.

Kitabu cha kwanza tulichompa hakikuwa riwaya. Kilikuwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, ambamo mtunzi anasimulia maisha yake mwenyewe, pamoja na ndoa yake na Amina na huzuni ya kufiwa naye. Huyu ni mume anayemtaja mkewe kwa heshima mbele ya dunia nzima, wala hakuna haraka katika kalamu yake. Cha pili kilikuwa Utubora Mkulima cha mtunzi huyo huyo, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Hicho kina mtu anayeacha kazi ya mjini na kurudi shambani, na tulikichagua kwa ajili ya mwendo wake na jembe lake.

Mumewe naye, mkulima wa kahawa, alikuwa amekisoma kile cha Kitereza usiku, kwa taa. Tulimuuliza yale yale. Yeye ukweni hakukukumbuka sana. Alikumbuka kazi za mikono, jinsi watu walivyolima, walivyovua na walivyotibiana. Kitabu kimoja, nyumba moja, wapenzi wawili tofauti. Huyo tulimpa Desturi za Waswahili, alizoziandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Hakuna hadithi ndani yake. Kuna mambo yalivyofanywa, tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Mkewe alikifungua, akakirudisha mezani baada ya kurasa chache. Yeye alikishikilia miezi minne.

Dada alirudisha viwili vyake mwezi wa Shaaban. Maisha Yangu aliomba akae nacho tena. Kuhusu Utubora alisema ni mtu mwema mno: "Myombekere hukasirika, huona haya, hukosea maneno mbele ya mkwe. Huyu hana doa." Tukaongeza katika daftari letu kwamba anataka mume mwenye kasoro.

Neno hilo lilibadilisha mpango. Kabla ya hapo tulikuwa tumeipitisha kando Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, riwaya ya Unguja ya mwaka 1976, kwa sababu Rehema anateswa tangu utotoni na tulikumbuka Rosa ilivyomkimbiza. Lakini ndani yake yumo Sulubu, mkulima maskini, mtu wa nguvu na hasira, anayeishi na Rehema na kulima naye. Tulimpa, tukamweleza waziwazi kwamba mwanzo wake una machozi na mwisho wake si mwepesi, na kwamba anachokitafuta kimo shambani, baada ya Rehema kukutana na Sulubu. Alikiviringisha ndani ya kanga, akauliza kama wanadumu pamoja. Tulimwambia asome.